Magunia ya Tarehe Ishirini na Saba

Kama kuna mtu aliyekuwa akiusubiri ujio wa mkaguzi wa hesabu kama wengine wanavyosubiri sikukuu, basi ni Oliva, Mama Dunstan, mkuu wa tawi la Masasi. Asubuhi ile ya tarehe nane Januari mwaka tisini na saba alifika ofisini kabla ya mlinzi hajamaliza kufagia, akafuta meza mara mbili, akapanga mafaili yake kwa mwezi, akakaa. Hakuwa na wasiwasi. Alikuwa na hasira, na hasira yake ilikuwa imelala vizuri usiku kucha.

Aliyekasirikiwa alikuwa njiani kuteremka na basi la Newala. Jina lake Nurdin, mtu wa Chilangala, mkuu wa tawi la Newala, na watu wakimwita Baba Adija. Wawili hao walikuwa wakimnunulia korosho tajiri mmoja, mmoja juu uwandani na mwingine huku chini ya milima ya mawe. Zamani walikaa chumba kimoja katika chama cha ushirika, tangu siku ambazo mkulima alikuwa na mnunuzi mmoja tu na bei moja tu. Ikaja biashara huria. Wanunuzi wakaja na malori na fedha taslimu, ushirika ukaanza kupukutisha watumishi, na orodha ya kwanza ya watu wa kuondoka iliandikwa na Nurdin. Jina la Oliva lilikuwa la tatu. Mumewe alikuwa amefariki miezi miwili kabla, watoto wanne wanasoma Lulindi, na Nurdin alikuwa amekula wali wa matanga nyumbani kwake. Alikula akashiba, kisha akaandika. Mambo kama hayo mtu hasahau, na anayesema amesahau anajisifu bure.

Sasa wote wawili waliajiriwa na tajiri wa Dar es Salaam, na tajiri alikuwa amechoka kulipa pango la maghala mawili. Barua yake ilikuwa fupi. Tawi litakaloonyesha faida ndogo kwa mwaka ulioishia tarehe thelathini na moja Desemba litafungwa mwisho wa Januari, na watumishi wake watalipwa haki zao waende. Mtu mmoja tu wa tawi hilo, anayejua vitabu, angeweza kuhamishiwa tawi litakalobaki, mkaguzi akimpendekeza. Oliva aliisoma sehemu hiyo ya mwisho akacheka kwa pua. Yeye apande Newala akamwite Nurdin mkuu wake? Bora auze dagaa.

Mkaguzi aliitwa Petro, mtu mwembamba mwenye shati la mikono mirefu hata kwenye joto lile, aliyefikia nyumba ya wageni karibu na kituo cha mabasi. Alisalimia, akaketi, akaomba maji, akauliza choo kiko wapi. Baada ya hapo hakusema lolote lisilo la kazi. Nurdin alipoingia saa tatu, tope likiwa limemfika vifundoni, Oliva hakumkaribisha kiti.

"Habari za hapa, Mama Dunstan."

"Njema," alisema Oliva. "Umechelewa."

"Barabara unaijua."

"Naijua. Na leo nina neno kuhusu barabara hiyohiyo."

Petro aliinua macho akayashusha. Akaeleza kwamba ameziona taarifa za matawi yote mawili. Newala imeonyesha faida ya milioni nne na laki tano. Masasi, milioni nne na laki mbili. Kwa karatasi hizo, alisema, linalofungwa ni Masasi. Lakini kabla ya kuandika mapendekezo yake atatazama siku za mwisho wa mwaka, kwa sababu kipindi cha kufunga hesabu ndipo watu huvuta vya Januari wakavitia Desemba, na vya Desemba wakavisukuma Januari.

"Ahsante," alisema Oliva. Alifungua faili, akatoa nakala moja, akaisukuma mezani kwa kidole. "Anza na hii."

Ilikuwa ankara ya tawi la Newala kwa mnunuzi aliyeko Mtwara, anayesafirisha korosho nje ya nchi. Gunia mia, kilo elfu nane, tarehe thelathini Desemba. Nakala hiyo Oliva aliipata kwa karani wa mnunuzi huyo, binamu ya marehemu mumewe, na aliifuata mwenyewe hadi Mtwara kwa nauli yake. Chuki ikiwa na nauli haikosi kufika.

"Lori hili liliondoka Newala tarehe thelathini," alisema. "Si hivyo, Baba Adija?"

"Liliondoka."

"Likafika Mtwara lini?"

Nurdin alijipangusa shingo. "Mvua ilikuwa kubwa. Lilikwama kwenye tope huko Nanyamba. Mungu hapangiwi."

"Sikuulizi habari za Mungu. Nauliza tarehe."

"Tarehe tatu."

"Tatu Januari! Bwana Petro, mkataba wetu na mnunuzi huyu unasemaje? Korosho ni mali yetu mpaka zipimwe na kukatwa chache ghalani kwake, aone ubora, apokee. Zikilowa njiani, hasara yetu. Zikiibiwa, hasara yetu. Tarehe thelathini na moja korosho hizi zilikuwa za nani? Zilikuwa zetu, zimekaa kwenye tope! Huyu kauza nini?"

"Nimeuza korosho," alisema Nurdin, sauti ikianza kupanda. "Mwaka mzima tunaandika ankara lori likishapakiwa. Hata ushirika tulifanya hivyo, na wewe ulikuwepo, ukiandika kwa mkono wako. Kule juu lori likishafungwa turubai, mzigo umekwenda. Leo ndiyo unaniona mwizi?"

"Mwaka mzima haidhuru, maana lori likichelewa siku nne bado ni mwaka uleule. Mwisho wa mwaka inadhuru. Karatasi haiuzi korosho, Baba Adija. Mzigo ndio unaosema umeuzwa lini. Ukiandika tarehe ya juzi kwenye karatasi, mzigo unarudi juzi?"

"Una chuki wewe mwanamke."

"Ninayo. Lakini sikosei."

Hakukosea kweli, hilo tumpe. Petro aliomba mkataba, akausoma bila kuharakisha, akaomba na hati ya mizani ya Mtwara. Imepigwa muhuri tarehe tatu Januari. Akaanza kuandika huku akisema, kwa sauti ya mtu anayesoma orodha ya dukani. Mauzo haya si ya mwaka uliopita. Yanatolewa na kupelekwa Januari. Korosho zenyewe zinarudi kwenye mali ya Newala kwa bei ya kununulia, kwa sababu siku ya kuhesabu zilikuwa mali ya kampuni ingawa zilikuwa njiani na hakuna aliyezihesabu. Kinachopungua ni faida iliyokuwa imewekwa juu yake, shilingi laki tano na elfu sitini.

"Newala inabaki na milioni tatu, laki tisa na elfu arobaini," alisema.

Masasi ilikuwa mbele kwa laki mbili na elfu sitini. Oliva alihisi furaha ikimpanda, na hakuificha. Alimtazama Nurdin usoni, akaona jinsi kola yake ilivyochakaa, akafurahi na hiyo kola pia. Kule juu Nurdin alikuwa na mke na mama mzazi na mpagazi wa ghala mwenye watoto saba. Oliva alilijua hilo lote. Na iwe. Yeye alipoandikwa wa tatu, nani alimhesabia watoto wake?

"Umefurahi," alisema Nurdin.

"Sana. Hata sitaki kukudanganya."

Petro aligeuza ukurasa. "Sasa Masasi," alisema.

Hapo ndipo lazima nikueleze kitu ambacho Oliva alikuwa akikijua tangu tarehe nne, akakikalia kama kuku.

Pale Masasi kampuni ilinunua magunia mapya ya katani kwa Lukmani, mwenye duka la vifaa karibu na soko. Lukmani alikuwa na desturi yake, na mji mzima uliijua. Kuanzia Krismasi alikuwa akihesabu duka lake zima, msumari kwa msumari, na mpaka amalize kitabu chake cha ankara hufungwa kwenye sanduku. Mteja akitaka mali siku hizo anapewa, maana Lukmani si mjinga wa kufukuza wateja, lakini karatasi huja akifungua kitabu, na huandikwa tarehe ya siku hiyo ya kufungua. Tarehe ishirini na saba Desemba magunia mia nane yaliingia stoo ya Masasi kwa mkokoteni. Mtunza stoo, Esha, aliyahesabu, akaandika hati ya kupokelea. Tarehe thelathini na moja, siku ya kuhesabu mali ya mwaka, Esha aliyahesabu tena kwa kuwa yalikuwepo mbele ya macho yake, na thamani yake, shilingi mia tano kila moja, ikaingia kwenye mali ya tawi. Ankara ya Lukmani ikaja na tarehe nne Januari, ya shilingi laki nne.

Oliva aliishika ankara ile dakika nzima. Alijua. Magunia yamehesabiwa Desemba kama mali, basi na deni la Lukmani ni la Desemba. Ukihesabu mali na kuliacha deni lake mwaka unaofuata, umejipatia laki nne ambazo hukuzichuma. Mwanafunzi wa kwanza wa vitabu anajua. Lakini tarehe imeandikwa nne Januari, alijiambia, si mimi niliyeiandika. Akaiweka kwenye faili ya Januari. Hakughushi kitu. Aliiweka tu, akaenda kunywa chai, na chai ikapita.

"Mama Dunstan," alisema Petro, "kuna mali yoyote iliyoingia stoo kabla ya kufunga mwaka, ambayo ankara yake ilikuja baadaye?"

Swali lilikuwa jepesi, limeulizwa bila macho makali. Ilikuwa nafasi ya kusema, na Oliva aliiona ilivyo. Angesema, iko moja, ya magunia, ilinipita, tuirekebishe. Lakini kusema hivyo ni kutoa laki nne kwenye milioni nne na laki mbili, na Masasi inashuka chini ya Newala. Na Nurdin alikuwa amekaa pale, kichwa ameinua, anamtazama.

"Hakuna," alisema Oliva.

"Hakuna kabisa?"

"Bwana Petro, nimekwisha sema. Vitabu vyangu havina mambo ya Newala."

Petro aliandika swali, akaandika jibu chini yake, akamsogezea karatasi. "Tia sahihi hapo. Ni utaratibu tu."

Oliva akatia sahihi. Ile herufi ya O aliizungusha vizuri, kama kawaida yake.

Kisha Petro akafanya jambo ambalo Oliva, kwa akili yake yote, hakulitazamia. Alikuwa ametegemea mkaguzi ataomba ankara za Desemba, atazikuta zote ziko Desemba, na mambo yataisha. Petro hakuanza na ankara. Alianza na orodha ya mali iliyohesabiwa, akashuka nayo kwa ncha ya kalamu, korosho, mizani, turubai, kamba, mpaka akafika kwenye magunia mapya. Mia nane tisini.

"Mwaka mlianza na magunia mangapi?"

"Mia na hamsini," alisema Oliva.

"Mlinunua mangapi?" Akajijibu mwenyewe kwa kujumlisha ankara, moja baada ya nyingine, midomo ikicheza. "Elfu mbili mia nne. Yaliyotoka kwenda kwa wakulima na kwenye mizigo, elfu mbili mia nne sitini. Basi yangebaki tisini." Akagonga orodha. "Mbona stoo kuna mia nane tisini?"

Oliva alianza kupanga upya mafaili yaliyokuwa yamepangwa tayari.

"Magunia hayazai," alisema Petro. "Niitie mtunza stoo."

Esha aliingia na khanga begani, vumbi la ghala limemjaa nyusini, akainama kidogo. "Shikamoo Mama Dunstan. Shikamooni."

"Marahaba," walisema wanaume. Oliva midomo yake ilisogea tu.

"Esha," alisema Petro, "haya magunia mapya mia nane yaliingia lini?"

"Ya Mzee Lukmani? Tarehe ishirini na saba, mwezi wa kumi na mbili," alisema Esha, akifurahi kuulizwa kitu anachokijua. "Yalikuja kwa mkokoteni kabla ya swala ya Ijumaa. Hati nimeiandika, namba mia na kumi na tisa. Nakala nilimpa Mama Dunstan mkononi. Nilete kitabu?"

"Lete."

Akakileta mbio. Hati namba mia na kumi na tisa ilikuwa safi, tarehe imeandikwa vizuri, na chini yake, mahali pa anayepokea nakala, herufi ya O iliyozungushwa.

Petro alivua miwani. Hakupaza sauti, na ingekuwa afadhali angepaza. "Uliniambia mwenyewe hapa, saa moja haijapita, kwamba mzigo ndio unaosema, si karatasi. Nikafurahi. Nikasema huyu anajua kazi."

"Ankara ni ya tarehe nne," alisema Oliva. Maneno yalimtoka kabla hajayazuia, na aliposikia yakitoka alitamani kuyameza, kwa kuwa yalikuwa maneno ya Nurdin.

Nurdin alicheka. Kilikuwa kicheko kibaya, kifupi. "Nyani haoni kundule," alisema. "Nenda Mtwara kwa nauli yako, Mama Dunstan! Nenda tena!"

"Nyamaza wewe! Uliniandika wa tatu!"

"Niliandika walioniambia niandike. Jina la pili lilikuwa la shemeji yangu, umewahi kuuliza?"

"Sitaki kujua!"

"Hutaki, kwa sababu ukijua utakosa la kunichukia."

"Kaeni chini wote wawili," alisema Petro, na wakakaa, watu wazima wenye mvi, wakihema. Esha alikuwa bado amesimama na kitabu chake kifuani, hajui amefanya nini, akiwatazama mmoja mmoja. Hesabu yenyewe haikuchukua hata dakika. Deni la Lukmani linaingizwa tarehe thelathini na moja Desemba. Faida ya Masasi inakuwa milioni tatu na laki nane. Newala iko juu kwa laki moja na elfu arobaini. Linafungwa Masasi.

Oliva aliangalia dirishani. Mlima wa mawe ulikuwa palepale, na chini yake mtu alikuwa akisukuma baiskeli yenye mkungu wa ndizi. Aliwaza ada ya Lulindi, mihula mitatu, watoto wawili bado wako shuleni. Akawaza kitu ambacho asubuhi alikichekea kwa pua. Newala kuna baridi asubuhi na maji ya shida, lakini mshahara ni mshahara. Akajikuta akisema, na sauti yake ilikuwa ya mtu mwingine kabisa.

"Bwana Petro. Kuna ile nafasi ya mtu mmoja wa vitabu."

Petro alikuwa akiweka kofia ya kalamu. Alimtazama Nurdin, kisha akamtazama Oliva, akatoa karatasi iliyokunjwa kwenye mkoba wake, akaifungua bila kumpa.

"Hii nililetewa jana nyumba ya wageni, imetumwa kupitia dereva wa basi," alisema. "Imetoka kwa Bwana Nurdin. Anasema Newala ikibaki, anaomba wewe upelekwe kule uandike vitabu. Amekutaja kwa jina."

Oliva aligeuka. Nurdin alikuwa akitazama viatu vyake vyenye tope.

"Usidhani nakupenda," alisema Nurdin. "Vitabu vyangu vibovu, umeona mwenyewe na lile lori. Nilihitaji mtu asiyenionea haya. Katika wilaya hizi mbili simjui mwingine."

"Basi mwambie," alisema Oliva. Alikuwa akiomba, na hasira haikumpa hata kificho. "Mwambie, Baba Adija. Mwambie bado unanihitaji."

Nurdin akamtazama mkaguzi.

"Sina la kumfanyia," alisema Petro. "Angekosea, ningemwandikia pendekezo. Angesahau, ningemwandikia. Hata angeficha, halafu nilipouliza akasema, ningemwandikia. Lakini nimeuliza, amejibu, na ametia sahihi." Aliigusa karatasi ile ya swali na jibu. "Hii inakwenda kwa tajiri pamoja na taarifa. Nitaichana?"

Hakuna aliyesema aichane, hata Nurdin. Petro akamgeukia Esha, akamwuliza amesoma mpaka darasa la ngapi, na kama anaweza kujumlisha safu ndefu bila mashine. Esha akasema la saba, na kwamba anaweza, kisha akamtazama Oliva kwa hofu, maana aliyemfundisha ni yeye.

"Anaweza," alisema Oliva. "Hakosei. Hata mara moja hajawahi kukosea."